Kusimamisha malipo ya cheki iliyopotea

Kusimamisha malipo ni agizo ambalo mwenye akaunti huipa benki yake: cheki ya namba fulani ikiletwa, msiilipe. Anayeweza kulitoa ni aliyeiandika cheki, kwa sababu pesa zinazozuiwa ni za akaunti yake. Kwa hiyo cheki ikikupotea wewe uliyelipwa, usikimbilie benki yako. Mpigie simu aliyekuandikia ndiye aende kwa benki yake.

Nina jirani, mama mwenye duka la vitambaa Barabara ya Biashara, hapa Mombasa. Alhamisi moja alasiri aliandika cheki ya shilingi 64,000 kumlipa fundi wake wa Likoni, akampa kijana wa dukani aivushe. Katikati ya tuktuk na feri bahasha ikapotea, na kijana kwa hofu hakusema hadi asubuhi yake. Mama alipoipigia benki, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Mama, cheki namba ngapi?"

Hapo ndipo wengi hukwama. Kompyuta ya benki huitafuta cheki kwa namba yake, haiijui kwa jina la fundi. Ukikosea tarakimu moja, umesimamisha karatasi nyingine, na ile iliyopotea italipwa kama kawaida. Jirani yangu alikuwa amejaza kishina cha kitabu chake, kile kipande kinachobaki karatasi ikichanwa, kwa hiyo namba, tarehe, jina na kiasi vyote vilikuwa mbele yake. Asiyejaza kishina hulazimika kuhesabu karatasi zilizobaki na kulinganisha na taarifa ya akaunti.

Simu ile ilitosha kuweka zuio la muda tu. Benki ilimtaka afike siku hiyo hiyo na barua iliyotiwa saini kama ile iliyo kwenye kumbukumbu zao, na kama akaunti ina watia saini wawili, basi wote wawili. Benki nyingine hutaka pia abstrakti ya polisi. Siku hizi baadhi yao zimeweka huduma hii kwenye programu ya simu, na hilo husaidia sana saa ambazo tawi limefungwa.

Ada haifanani. Kila benki ina orodha yake ya ada, na juu yake huongezwa ushuru wa bidhaa. Mara nyingi ada huhesabiwa kwa kila karatasi, basi ukipoteza kitabu kizima uliza kwanza kama mfululizo wote unatozwa mara moja. Jirani yangu alikatwa mia kadhaa kwenye akaunti, na hazirudishwi hata bahasha ikipatikana jioni.

Kuhusu muda, ujue kwamba Kenya karatasi yenyewe haisafiri tena baina ya benki. Tangu 2011 hutumwa picha yake, na cheki iliyowekwa leo kwa kawaida huwa imekamilika siku ya kazi inayofuata. Iliyowekwa Ijumaa asubuhi inaweza kulipwa Jumatatu. Agizo lako linapaswa kutangulia malipo hayo. Ndiyo sababu ninasisitiza kupiga simu kwanza, kisha ndio uandike barua.

Je, kama imeshalipwa? Agizo lililochelewa halirudishi pesa. Tazama kwanza ilikolipwa. Ikiwa imeingia akaunti ya fundi mwenyewe, basi haikupotea, deni limekwisha. Ikiwa imeingia akaunti ya mtu mwingine, omba benki yako nakala ya picha ya cheki, mbele na nyuma, na upige ripoti polisi. Cheki iliyopigwa mistari miwili na kuandikwa kwamba ni ya akaunti ya mlipwaji peke yake hukupa nguvu hapa, maana benki iliyoipokea kwa jina lisilo lake ina maswali ya kujibu. Saini ikiwa ya kughushi, benki yako haikuwa na idhini yako ya kulipa, na unaweza kuidai. Na ikiwa benki ililipa baada ya kupokea agizo lako lililo sahihi, dai urejeshewe. Ndiyo maana nakala ya barua yako iwe na muhuri wa benki, tarehe na saa.

Kwa jirani yangu, cheki ilikuwa bado haijawasilishwa. Deni la fundi lilibaki palepale, akamwandikia nyingine Ijumaa hiyo hiyo. Bahasha ilipatikana wiki iliyofuata chini ya kiti cha tuktuk, naye akaichana ile karatasi. Alifanya vyema: kumpa mtu cheki ambayo tayari umeiamuru benki isiilipe ni kosa chini ya kifungu cha 316A cha Kanuni ya Adhabu.