Menyu ya USSD hukumbuka vipi ulichobonyeza?

"Nikipiga ile namba ya chama, skrini ya tatu inajua nilichochagua kwenye ya kwanza. Lakini nikikawia kidogo kutafuta miwani inakatika, na juzi nilitoa mchango mara mbili. Kwani anayekumbuka ni nani, simu yangu au nyinyi?"

Aliniuliza hivyo mama mmoja anayeuza nazi soko la Kongowea, mwanachama wa chama ambacho menyu yake niliiandika mimi.

Ni sisi, mama. Simu haikumbuki kitu, ni dirisha tu. Ile menyu ya M-Pesa iliyokaa ndani ya laini ilikuwa tofauti: laini yenyewe ilikusanya majibu yako yote, kisha ikayatuma kwa mkupuo. Kwenye USSD, kila ukibonyeza "Tuma" jibu lako husafiri hadi kwa mtandao, mtandao hulipeleka kwenye lango la USSD, na lango hubisha hodi kwenye seva yetu kwa ombi la HTTP. Seva ikijibu imemaliza kazi yake. Ombi linalofuata huja kama mgeni asiyejulikana, isipokuwa ameshika tikiti mkononi.

Tikiti hiyo ni `sessionId`. Kwa lango la Africa's Talking, ambalo wengi wetu tunalitumia, ombi huleta `sessionId`, `phoneNumber` na `text`. Jibu letu likianza na `CON`, skrini hubaki wazi ikingoja. Likianza na `END`, sesheni imefungwa. Sasa angalia hapo kwenye `text`: haibebi jibu la mwisho peke yake. Inabeba yote uliyoandika tangu ulipopiga, yameunganishwa kwa nyota.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Niliona kwamba kama kila kitu kimo ndani ya `text`, sina haja ya kuhifadhi chochote: sehemu ya kwanza ni chaguo, ya pili ni kiasi, ya tatu ni kuthibitisha. Ikaenda vizuri wiki mbili. Kisha mtu akachagua 1 kuchangia, akaandika 5000, akaona amezidisha sifuri, akabonyeza 0 kurudi nyuma, akaandika 500, akathibitisha kwa 1. Seva ikapokea hivi:

```
1*5000*0*500*1
```

Kwangu mimi sehemu ya pili ilikuwa ndiyo kiasi. Ombi la malipo likatoka la shilingi 5000, na yeye bila kuangalia akaweka namba yake ya siri. Pesa tulimrudishia, lakini maneno niliyoyasikia kwenye mkutano wa chama sitayaandika hapa.

Dawa yake ni seva kuandika mahali mtu alipofika, na kila ombi likija isome yale mapya tu. Mimi huweka hali hiyo kwenye Redis, ufunguo ukiwa `sessionId`:

```python
sehemu = text.split("*") if text else []
hali = soma(session_id) or {"skrini": "mwanzo", "n": 0, "jibu": MENYU}
for s in sehemu[hali["n"]:]:
    hali = songa(hali, s)
hali["n"] = len(sehemu)
hifadhi(session_id, hali, 300)
return hali["jibu"]
```

`n` ni idadi ya sehemu tulizokwisha kuzishughulikia. `songa` hutazama uko skrini gani, hupokea jibu moja, kisha hurudisha skrini mpya pamoja na maneno ya kuonyesha. Ile 0 ikifika, inafuta 5000 na kukurudisha kwenye swali la kiasi. Hakuna anayehesabu nyota tena.

Hiyo `n` ina faida mbili nilizozigundua baadaye. Lango likituma ombi lilelile mara ya pili, hakuna sehemu mpya, kwa hiyo mtu anarudishiwa skrini ileile badala ya kurushwa mbele. Na wako wajanja wanaopiga namba ya huduma na kuongezea `*1*500#` papo hapo ili wasipite menyu zote. Kwao ombi la kwanza kabisa linakuja na `text` iliyojaa, na kile kitanzi kinazipitia zote kwa zamu.

Sasa kukatika. Kuna saa mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ya mtandao: sesheni ina muda wake, na ukikawia na miwani, mtandao unaifunga. Muda huo si wetu na hutofautiana mtandao kwa mtandao, kwa hiyo pima kwa simu na laini yenyewe, usiamini kipimo cha kompyuta. Zile sekunde 300 hapo juu ni umri wa kumbukumbu yetu. Nimeuacha kuwa mrefu kuliko sesheni makusudi, maana ukiwa mfupi seva itasahau mtu ambaye bado yuko kwenye skrini.

Sesheni ikishafungwa, ukipiga tena unapewa `sessionId` mpya, na kwa seva wewe ni mgeni kabisa. Ndiyo maana ulikuwa ukianza upya. Siku hizi naweka rasimu ya pembeni, ufunguo wake namba ya simu, umri wake dakika kumi. Ukirudi unakutana na hii:

```
CON Ulikuwa unachangia 500.
1. Endelea
2. Anza upya
```

Namba ya siri haiingii kwenye rasimu hata siku moja. Simu za sokoni huazimwa.

Saa ya pili ndiyo iliyokutoza mara mbili. Lango nalo linaingoja seva, na subira yake ni sekunde chache tu. Zamani, ukithibitisha, seva yangu ilikuwa inaomba malipo kwanza na kungoja jibu, ndipo ikujibu wewe. Jioni mambo yakiwa mazito, lango lilichoka kungoja. Wewe uliona ujumbe wa hitilafu, ukadhani imeshindikana, ukapiga tena. Kumbe ombi la kwanza lilikuwa njiani, na likafika.

Sasa ukithibitisha, seva inaandika mchango kwenye hifadhidata na kumbukumbu namba yake, inaliweka ombi la malipo kwenye foleni, na inakujibu mara moja kwa `END Ngoja ombi la M-Pesa`. Foleni inaendelea na kazi wewe ukiwa umeshatoka. Ni lazima itangulie `END`, maana simu iliyo katikati ya USSD mara nyingi haipokei ile skrini ya kuweka namba ya siri. Na ukipiga tena kabla malipo hayajajibiwa, rasimu yako ina kumbukumbu namba ileile, kwa hiyo badala ya mchango mpya unaambiwa: "Mchango wako wa 500 bado unashughulikiwa."

Nani anakatikiwa wapi? Seva haiambiwi papo hapo kwamba umekata. Inaona kimya tu. Lakini lango linaweza kutuma taarifa sesheni ikiisha, na ndani yake mna `status`, ambayo huwa `Incomplete` kwa aliyeachwa njiani, na `lastAppResponse`, maneno ya skrini ya mwisho aliyoonyeshwa. Nilipozipanga kwa skrini, nyingi ziliangukia sehemu moja: "Weka namba ya uanachama." Namba hiyo iko kwenye kadi, kadi iko kwenye mkoba, mkoba uko chini ya meza ya nazi. Niliiondoa skrini hiyo. `phoneNumber` ilikuwa imeshaniambia ni nani.