Ndigana kali: tezi imevimba, damu safi, na kupe wa ndani ya sikio

Daktari, mtamba wangu ana homa 41 na tezi ya chini ya sikio imevimba, tumepima damu wakasema hakuna kitu, sasa ni ndigana au siyo?

Inawezekana kabisa ni ndigana, hiyo damu safi isikutulize. Kupe anapenda kung'ata sikio, kwa hiyo taileria, kimelea cha ndigana, inaanzia tezi iliyo karibu, inaingia kwenye seli nyeupe na kuzaliana humo, na siku kadhaa baadaye ndo inahamia kwenye chembe nyekundu. Kwa hiyo siku za mwanzo damu haioneshi kitu wakati tezi imejaa. Mwambie mtaalamu achome sindano kwenye tezi yenyewe, avute majimaji kidogo, ayapake kwenye slaidi na kuyapiga rangi ya gimsa, kwenye hadubini ataona vimelea vya bluu vyenye vidoa vya zambarau ndani ya seli nyeupe. Na kinyume chake pia kipo: ng'ombe mzima aliyewahi kuugua akapona anaweza kuonekana na vimelea vichache kwenye damu, huyo usimtibu kwa ajili ya slaidi tu.

Nimemchoma oksitetra siku mbili, mbona homa haishuki?

Kwa sababu homa ikishapanda oksitetra haimalizi ndigana kali, hapo inatakiwa buparvakwoni. Dozi ni miligramu 2.5 kwa kila kilo, ile chupa yenye miligramu 50 kwa mililita inakuwa mililita 1 kwa kilo 20, mtamba wa kilo 200 anachukua mililita 10 kwenye msuli wa shingo, na kama homa bado ipo baada ya saa 48 inarudiwa. Usichelewe jamani, akishaanza kuhema kwa shida na povu linatoka puani ujue mapafu yamejaa maji, hapo hata dawa nzuri mara nyingi inashindwa.

Sisi tunaogesha kila wiki mbili, bado wanaumwa tu!

Wiki mbili ni nyingi mno. Kupe mkubwa anashiba na kudondoka ndani ya kama wiki moja hivi, ina maana anapanda, ananyonya, anashuka kutaga bila kukutana na dawa hata mara moja. Tena vimelea vinakomaa kwenye mate yake akishaanza kunyonya, inachukua siku kama 3 au 4 ndo vinaingia kwa ng'ombe, kwa hiyo ogesha kila siku 7, na kupe wakiwa wengi sana mara mbili kwa wiki. Kwenye josho hakikisha kichwa kinazama, ukipiga kwa bomba elekeza dawa ndani ya masikio maana wengi wanalowesha mgongo tu. Mvua ikiingia kwenye josho, au ng'ombe wengi wakipita bila dawa kuongezwa, nguvu inapungua. Siku mbili tatu baada ya kuogesha geuza sikio uangalie ndani, ukikuta kupe hai waliovimba damu, kagua kwanza kipimo cha dawa na jinsi mnavyoogesha kabla hujalaumu dawa yenyewe.