Mtoa dawa anayetaka kuwa mfamasia: aanzie kwenye cheti cha kidato cha nne

Mteja akiingia dukani huwaita wote waliovaa koti jeupe "daktari wa dawa". Sheria ya Famasi ya Tanzania, Sura 311, inawatenganisha. Mfamasia husajiliwa, mteknolojia dawa huandikishwa, na mteknolojia dawa msaidizi huorodheshwa. Hayo ni madaftari matatu tofauti ya Baraza la Famasi, na jina lako haliwezi kuhama kutoka daftari moja kwenda jingine kwa sababu ya miaka uliyokaa kaunta. Linahamishwa na masomo.

Mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, yaani DLDM, amepitia mafunzo mafupi ya wiki chache yanayomruhusu kutoa dawa zilizo kwenye orodha ya maduka hayo, kama amoksilini. Cheti chake ni halali kwa kazi hiyo. Lakini chuo hakikihesabu kuwa ni mwaka wa kwanza wa stashahada, na hapo ndipo wengi wanapokwama wanapokuja kuuliza. Mtu ana miaka 9 dukani, anawajua wagonjwa wake kwa majina, halafu anaambiwa aanze na waliomaliza shule juzi. Inauma, na sioni aibu kulisema, ila ndivyo utaratibu ulivyo.

Dada mmoja alinijia na matokeo yake ya kidato cha nne: Kiswahili B, Kemia C, Baiolojia D, Kiingereza D, Fizikia F, Hisabati F. Aliuliza kama anaweza kusomea famasi. Nilimjibu kwamba inategemea anataka kuishia wapi.

Kwa stashahada ya sayansi ya famasia, alikuwa na sifa. Chuo kinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo, naye alikuwa nao. Atasoma miaka 3, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6, kisha ataomba kuandikishwa kuwa mteknolojia dawa. Atafanya kazi chini ya usimamizi wa mfamasia, hospitalini au famasi.

Shahada ni habari nyingine. Mwenye stashahada anayeomba Shahada ya Famasi hutakiwa kuwa na wastani wa B, au GPA ya 3.0, pamoja na angalau D ya kidato cha nne katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Baiolojia na Kiingereza. Zile F mbili, ambazo stashahada haikuziuliza, zingemngoja mlangoni miaka mitatu baadaye. Nimewaona wahitimu wazuri kabisa, wenye GPA za juu, wakirudishwa kwa Fizikia ya sekondari.

Kwa hiyo nilimshauri ajisajili NECTA kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo hayo mawili mapema, kabla masomo ya chuo hayajawa mazito. D inaanzia alama 30. Mtihani hufanyika Novemba, na akikosa mara ya kwanza bado ana nafasi ya kurudia kabla hajahitimu. Anayesubiri hadi amalize stashahada hupoteza mwaka, pengine miwili, akiwa nyumbani.

Jambo la pili linalowaponza watu ni hiyo GPA. Ukipata 2.0 unahitimu, na unaweza kuandikishwa ukafanya kazi vizuri. Ukitaka shahada, 2.7 haikusaidii, na huwezi kurudia stashahada ili kuipandisha. Mwanafunzi anayefanya zamu za usiku dukani huku anasoma ndiye anayeangukia hapo mara nyingi. Bora apunguze zamu.

Akishapokelewa chuo kikuu, ni miaka 4 ya shahada. Maombi yake yatahitaji namba ya uhakiki iitwayo AVN kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya elimu ya ufundi, nayo ataiomba baada ya matokeo ya stashahada kuwasilishwa na chuo. Baada ya shahada kuna mwaka 1 wa utarajali, ambapo hufanya kazi kwa usajili wa muda chini ya mfamasia mzoefu, na kuna mtihani wa Baraza. Akivuka vyote ndipo anasajiliwa. Ukijumlisha, kutoka siku anayoanza ngazi ya 4 ni miaka 8 kama hakuna kilichokwama. Katika kipindi chote hicho hapaswi kujitambulisha kwa mteja kuwa ni mfamasia, maana hilo ni kosa kisheria.

Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha chuo kina usajili wa NACTVET na kwamba kozi yenyewe ya famasia imeidhinishwa, kwani chuo chaweza kuwa halali kwa uuguzi tu. Kisha panga vyeti vyako mezani, cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Yule dada alikuwa na "Mwanahamisi" kwenye kimoja na "Mwanahamis" kwenye kingine. Alikwenda kula kiapo cha majina kwa wakili wiki ileile, kabla hata hajajaza fomu ya chuo.