Hatua si unyayo

Juzi nimemsikia tena mzazi akimwambia mwanawe wa Gredi ya 3, "Pima sebule kwa nyayo," kisha akamwonyesha: akatembea kutoka mlangoni hadi ukutani akihesabu. Mtoto akaandika daftarini nyayo saba. Zile hazikuwa nyayo, zilikuwa hatua, na kwa mtoto wa miaka minane tofauti hiyo ni kubwa kuliko tunavyodhani.

Kupima kwa mwili kwenyewe ni rahisi kueleza. Kabla ya rula, mtoto hupima urefu kwa mwili wake: kwa shibiri (wengine husema shubiri), yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho akiwa ametanua kiganja, kwa unyayo, au kwa hatua. Anarudia kipimo kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuacha pengo na bila kupandanisha, kisha anahesabu.

Sasa tuje kwenye neno. Unyayo ni sehemu ya chini ya mguu, pamoja na alama inayobaki ukikanyaga. Rais Moi aliposema mwaka 1978 kwamba anafuata nyayo za Mzee Kenyatta, kila mtu alielewa: kuna alama zimebaki, naye anakanyaga palepale. Unyayo unaonekana. Una kisigino upande mmoja na vidole upande wa pili, na unaweza kuuchora kwa chaki. Hatua ni kitu kingine kabisa. Neno lilitujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni nafasi iliyo kati ya miguu miwili ya mtu anayetembea. Kwa hiyo ukipima kwa nyayo unahesabu miguu, lakini ukipima kwa hatua unahesabu nafasi. Mtu aliyesimama tu hajapiga hatua yoyote, ingawa unyayo wake upo chini pale pale.

Hapo ndipo watoto hupotea. Nilichora mistari miwili ya chaki kwenye korido ya ploti yetu, mita 3 kutoka mmoja hadi mwingine, nikamwita mpwa wangu. Kwa nyayo, kisigino kikigusa vidole, alipata 15, kwa kuwa unyayo wake ni kama sentimita 20. Mama yake alipata 12, na kila mtu huja na mfano huo kueleza kwa nini tunahitaji rula. Ni kweli, lakini si hapo penye ugumu.

Kisha nikamwambia apige hatua. Akaweka kisigino kwenye mstari, na kabla hajainua mguu akasema, "Moja." Akafika na saba. Sikumwambia amekosea. Nilichora mstari wa tatu katikati, nikamwomba apime kila nusu peke yake. Nusu ya kwanza, nne. Nusu ya pili, nne. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Lakini nne na nne ni nane, anti." Basi akarudia, safari hii akitamka "moja" mguu ulipotua mbele. Akapata tatu, tatu, na korido nzima sita.

Kosa hilohilo huhamia kwenye rula. Mtoto anaweka mwanzo wa penseli kwenye 1, anasoma 13, na penseli ni sentimita 12. Mwingine anaanzia kwenye ukingo wa rula, ile sehemu tupu kabla ya sufuri. Wote wawili wanadhani rula ni orodha ya namba, wakati kinachohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya mistari.

Ndiyo maana baada ya korido tulichora unyayo wake kwenye kadibodi, tukakata nyayo tano zinazolingana, tukazigundisha kwa mstari, kisigino kwa vidole. Nikamuuliza namba 1 iandikwe wapi. Akaiandika katikati ya unyayo wa kwanza. Nikaweka kijiko kilichoanzia kwenye kisigino kikaishia kwenye vidole vya unyayo huo, nikamuuliza kina urefu gani. "Unyayo mmoja." Akafuta, akaisogeza 1 hadi kwenye ncha ya vidole, akaendelea hadi 5. Kisigino cha kwanza kikabaki bila namba. Akakiangalia, akaandika 0.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto akija na kazi iliyoandikwa "nyayo", mwache agusishe kisigino na vidole hata akichelewa kufika ukutani. Ikiwa ni "hatua", msikilize anatamka "moja" akiwa wapi.