Mipaka ya Udhibiti Katika Chati ya Wastani ya Chupa Zinazojazwa

Katika mtambo unaojaza chupa za mililita 500, mkaguzi anaweza kuchukua chupa tano kila nusu saa, akapima ujazo wa kila moja, kisha akaweka kwenye chati nukta moja inayoonyesha wastani wa chupa hizo tano. Chati ya namna hii ilianzishwa na Walter Shewhart mwaka 1924, naye aliikusudia ijibu swali moja: je, mtambo bado unafanya kazi kama ulivyokuwa ukifanya, au kuna jambo jipya lililouingilia? Jibu hutegemea mistari miwili, wa juu na wa chini, iitwayo mipaka ya udhibiti. Mistari hiyo ikiwekwa mahali pasipofaa, chati nzima hupotosha.

Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuchora mipaka hiyo kwa kufuata matakwa ya kiwango cha bidhaa. Tuseme kiwango kinataka chupa yoyote isipungue mililita 490, na mkaguzi akaufanya huo kuwa mpaka wa chini wa chati yake. Wastani utakapofika 490, karibu nusu ya chupa zitakuwa tayari zimepungua kuliko inavyoruhusiwa. Kiwango huzungumzia chupa mojamoja, ilhali nukta ya chati ni wastani wa chupa tano, na wastani siku zote hutawanyika kidogo kuliko chupa zenyewe.

Mipaka ya kweli hutoka katika vipimo vya mtambo wenyewe. Kusanya kwanza sampuli kama 25 za chupa tano tano, zilizochukuliwa wakati mtambo unafanya kazi kwa utulivu. Kwa kila sampuli andika wastani, na pia upana, yaani tofauti kati ya chupa yenye ujazo mkubwa kabisa na yenye ujazo mdogo kabisa. Tuchukulie kwamba wastani wa sampuli zote ni mililita 501.2 na wastani wa upana ni mililita 4.0. Kwa sampuli za chupa tano, upana huo huzidishwa kwa 0.577, namba inayopatikana katika majedwali ya udhibiti wa ubora, na jibu ni takriban 2.3. Mpaka wa juu unakuwa 503.5 na wa chini 498.9. Umbali huo ni sawa na mara tatu ya mkengeuko wa kawaida wa wastani, kwa hiyo mtambo uliotulia utatoa nukta nje ya mipaka kwa bahati tu takriban mara tatu katika nukta 1,000. Kabla ya kuiamini mipaka hii, hakikisha kwamba hakuna sampuli ambayo upana wake umezidi 2.114 mara 4.0, yaani mililita 8.5, kwa sababu upana usiotulia hauwezi kuzaa mipaka ya kuaminika.

Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu uko katika kuchagua chupa tano. Mitambo mingi ina midomo kadhaa ya kujazia, na mkaguzi mwenye nia njema huchukua chupa moja kutoka kila mdomo akiamini kwamba ametenda haki. Sasa fikiria mtambo uleule ukiwa na midomo mitano, na mdomo wa nne ukizidisha mililita 6 kila mara. Upana wa kila sampuli utapanda hadi karibu mililita 8, na mipaka itasogea hadi mililita 4.6 kila upande wa mstari wa kati, yaani mstari wa wastani wa sampuli zote. Lakini wastani wa sampuli hautatawanyika zaidi ya awali, kwa kuwa kila sampuli inabeba ziada ileile ya mdomo wa nne. Nukta zitajipanga karibu na mstari wa kati, hata moja isikaribie mpaka, na wahusika watafurahia chati hiyo tulivu. Utulivu huo ndio dalili ya kasoro: nukta 25 mfululizo zikibaki katika theluthi ya ndani ya eneo kati ya mstari wa kati na mipaka, shuku kwanza namna sampuli zilivyochukuliwa. Chati hiyo imekwisha kuficha mdomo mbovu, na mtambo wote ukishuka mililita 3, bado inaweza isitoe ishara kwa muda mrefu.

Tiba yake ni kuchukua chupa tano zinazofuatana kutoka mdomo mmoja na kuupa kila mdomo chati yake. Kazi huongezeka, nasi tunalikubali hilo, lakini hapo upana unapima mtikisiko wa mdomo huo peke yake, na tofauti kati ya midomo huonekana wazi katika mistari ya kati. Mdomo wa nne ukisharekebishwa, mipaka yake ya zamani ifutwe na ihesabiwe upya kwa sampuli mpya. Mipaka ya midomo mingine ibaki ilivyo, maana huko hakuna kilichobadilika.