Gramu 62 za wapi? Springi ya kibodi na nguvu ya kutoa herufi

Kuna sentensi inazunguka sana siku hizi kwa wanaonunua kibodi za swichi, zile ambazo kila kitufe kina swichi na springi yake, hapa Mwanza: "Usichukue hizo springi za 62, zitakuwa nzito kuliko swichi zako za 60." Muuzaji anaisema, fundi anaisema, na mteja anaondoka ameridhika. Namba zinaonekana zimefuatana vizuri, ila hazijapimwa sehemu moja.

Maana zenyewe ni fupi. Nguvu ya kutoa herufi ni mkandamizo unaohitajika kukifikisha kitufe pale ambapo kompyuta inapokea herufi. Mwendo wa kitufe ni umbali kinaoshuka, na una vipande viwili: kutoka juu hadi herufi inapotoka, kisha kutoka hapo hadi chini kabisa. Uzito wa springi, unavyoandikwa kwenye pakiti za springi za kununua peke yake, mara nyingi ni mkandamizo wa chini kabisa, kitufe kikiwa kimegota.

Hapo ndipo watu wanapochanganya. Springi haina uzito mmoja, kwa sababu kadiri unavyoibana ndivyo inavyokusukuma zaidi. Chukua swichi ya Cherry MX Black, ile inayoshuka laini bila kigingi njiani. Kampuni inaitaja kwa sentinyutoni 60, ambazo kwa matumizi yetu ni karibu sawa na gramu 60. Lakini hizo 60 ni za milimita 2, pale herufi inapotoka. Mwanzoni kabisa inakupinga kwa gramu 40 hivi, na ikigota kwenye milimita 4 inafika kama 80. MX Red, inayotajwa kwa 45, huanza karibu na 30 na kugota karibu na 60.

Sasa irudie ile springi ya 62. Ikiwa 62 ni ya chini kabisa, basi jirani yake ni Red na si Black. Mtu aliyeikataa akiogopa uzito amekataa kitu chepesi kuliko alichonacho. Na hata springi mbili zenye 62 ileile zinaweza kutofautiana: fupi huanza chini na kupanda haraka, hivyo herufi itatoka kwenye 47 hivi, wakati ndefu, ambayo imeshabanwa sana ndani ya swichi kabla hujaigusa, inaweza kuanzia 50 na kutoa herufi kwenye 56. Pakiti zina namba moja, vidole vinahisi vitu viwili.

Kwa nini nasumbuka na gramu kumi na kitu? Kwa sababu ya herufi A. Kwenye mpangilio wa QWERTY A iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na Kiswahili kinaipiga herufi hiyo bila huruma. Andika "wanafanya kazi": herufi 13, na tano ni A. Kidole dhaifu kuliko vyote ndicho tulichokipa mzigo mkubwa, na namba za kwenye maboksi ya kibodi hazikupangwa kwa kumfikiria mtu anayechapa Kiswahili kutwa.

Dada mmoja anachapa ripoti za wanafunzi kwenye steshenari ya Nyegezi, kwa kibodi ya mtumba yenye swichi za Black. Ikifika mchana kidole kile kinauma hadi kwenye kiganja, na kazi yake inaanza kuwa na makosa ya aina moja: "tarifa", "mana", "bada". Makosa hayo yanasema mengi. Herufi zinazokosekana ni zile za pili katika "aa", kwa kuwa kidole kilichochoka hakishuki tena hadi milimita 2. Akipunguza springi, herufi itarudi. Kama makosa yake yangekuwa kinyume, yaani "wanafanyaa", au A ikajitokeza mbele ya neno lisiloihitaji, tiba ingekuwa kuongeza uzito, maana kidole kinachopumzika juu ya kitufe kingekuwa kinatosha kukishusha.

Kabla ya kulaumu springi, bonyeza A polepole kwa kidole cha shahada, mara kadhaa. Ikitoka "aa" hata hapo, tatizo ni chuma cha ndani kinachogusana vibaya, na springi yoyote utakayoweka haitasaidia.

Wengi wakisikia hivyo wanarukia swichi nyepesi sana, za 35. Sishauri. Mwaka 1997 mtafiti David Rempel na wenzake walipima nguvu ya vidole vya wachapaji kwenye vitufe vya uzito tofauti. Kutoka kitufe cha kama gramu 48 kwenda cha zaidi ya 100, vidole na misuli vilifanya kazi zaidi waziwazi. Lakini kati ya kama 35 na 48 hawakuona tofauti. Kushuka chini ya 48, basi, kunakuletea makosa ya herufi za ziada bila kukupunguzia uchovu kwa kiasi hicho. Tena mtu anayeogopa kugusa huviinua vidole hewani muda wote, na huko kuinua nako ni kazi.

Mwendo nao una mtego wake. MX Speed Silver hutoa herufi kwenye milimita 1.2 tu, ikiwa na 45 zilezile za Red. Wauzaji huiita "nyepesi", na si kweli: ni fupi. Kidole kinachopapasa kikitafuta kitufe cha jirani kinaweza kukifikisha hapo kabla mwenyewe hajaamua. Kile kipande cha pili cha mwendo, baada ya herufi kutoka, pia kina kazi. Ni breki. Mtu anayechapa haraka hasimami kwenye milimita 2, anakwenda hadi chini, na umbali huo ukiondolewa kidole kinagota kwa nguvu zaidi.

Ukitaka kujua kibodi yako iko wapi, huhitaji kifaa cha maabara. Toa vifuniko vya vitufe vinavyozunguka A, maana sarafu ni pana na itaviegemea. Fungua ukurasa mtupu, panga sarafu juu ya A moja moja, taratibu, mpaka herufi itokee. Kisha zipime kwenye mizani ya sonara, ambayo mji huu wa dhahabu hauna uhaba nayo. Hiyo ndiyo nguvu ya kutoa herufi. Endelea kuongeza mpaka kitufe kigote, upime tena, na hapo una namba ya kulinganisha na pakiti ya springi.

Yule dada hakuhitaji hata kubadilisha kibodi nzima. Springi za 62 zilizo fupi kwenye A na majirani wake wa kidole kilekile, Q na Z, zinatosha kuanzia. Kama swichi zake hazichomoki kwa mkono, fundi simu mwenye kifaa cha kuyeyusha risasi ataziweza.

Kwa hiyo ukiulizwa dukani unataka gramu ngapi, usijibu kwanza. Uliza: zimepimwa herufi ikitoka, au kitufe kikiwa kimegota?