Uso unaochoma si lazima uwe na chunusi

Utasikia watu wakisema: “Rosasia ni ya Wazungu. Sisi tukitoka vipele usoni ni chunusi, au aleji ya mafuta.”

Rosasia, ugonjwa wa ngozi unaoleta wekundu na vipele usoni, huwapata watu wa rangi zote. Kwenye ngozi ya kahawia wekundu hujificha, kwa hiyo mwenye uso huanza kuuhisi kabla hajauona. Mchukue mama wa makamo anayeuza mboga juani katika soko la Gikomba, Nairobi: akinywa chai moto mashavu yanawaka, sabuni aliyoizoea sasa inamchoma, na vipele vimetanda puani na mashavuni.

Ajitazame kwenye mwanga wa dirishani. Chunusi kwa kawaida huja na vichwa vyeusi au vyeupe vilivyoziba vinyweleo. Rosasia yenyewe haivileti, ingawa mtu aweza kuwa na vyote viwili. Aleji nayo huwasha zaidi kuliko kuchoma. Akibonyeza shavu kwa gilasi safi, wekundu uliojificha hufifia, kisha hurudi akiiondoa.

Kinachopotosha zaidi ni krimu ya steroidi ya dukani. Uso hutulia kwanza, akiiacha vipele hurudi kwa hasira, naye huamini aliihitaji. Jina la krimu hiyo amtajie daktari wa ngozi mapema.